Nukta Iliyoyeyusha Plagi ya Shangazi

Shangazi yangu wa mtaa wa Umoja, Nairobi, alinipigia simu Jumanne jioni, wiki mbili kabla ya Krismasi. Hakuniuliza habari wala kazi. "Mwanangu, kuna harufu ya plastiki kwenye baraza na taa bado zinawaka. Nifanye nini?"

Nikamwambia azime swichi ya ukutani kwanza, asiguse plagi, kisha aning'oje. Nilifika saa mbili usiku. Harufu ilikuwa ingali hewani, ile kali inayokaa kooni, na chini ya dirisha la sebule kulikuwa na kitu kidogo cheusi kilichokuwa zamani soketi ya mkia wa uzi wa taa. Plastiki ilikuwa imelegea na kuteremka kama nta ya mshumaa, na pini mbili za plagi iliyochomekwa ndani yake zilikuwa zimeshikana nayo kabisa. Ilinibidi nikate.

Nimetengeneza taa na redio kwa miaka mingi, na kila mwaka Novemba ikifika watu huniletea nyuzi za taa za Krismasi zilizokaa ndani ya katoni tangu Januari. Nyingi zina balbu iliyokatika au waya uliotafunwa na panya. Lakini miaka ya karibuni naona ugonjwa mwingine, na kile kisa cha shangazi kinauonyesha vizuri kuliko vyote: mtu ananunua uzi mpya wa LED, anauunganisha na zile za zamani alizonazo, zote kwenye plagi moja, na baada ya saa chache kitu kinaungua. Kinachoungua si lazima kiwe kile kibovu, na hapo ndipo watu wanapopotea.

Nieleze jinsi baraza lilivyokuwa limefungwa. Kutoka soketi ya sebuleni palitoka ekstensheni, ikapita dirishani. Kwenye ekstensheni kulikuwa na adapta, maana plagi ya uzi wa LED ilikuwa ya pini mbili. Uzi wa LED ndio uliotangulia, taa 100, umezungushwa kwenye nguzo ya kwanza. Mwishoni mwake una mkia wenye soketi ndogo ya matundu mawili, ya kuunganishia uzi mwingine. Hapo zikafuata nyuzi mbili za zamani za balbu ndogo 100 kila mmoja, zile zenye ukubwa wa punje ya mchele, ambazo shangazi amezitunza tangu watoto wake wakiwa shule ya msingi. Mwisho kabisa kulikuwa na uzi wa balbu kubwa za rangi, balbu 20, unaopita juu ya geti.

"Nilitanguliza LED makusudi," binamu yangu akanieleza. "LED haili stima, kaka. Nikaona ikiwa ya kwanza haitaisumbua soketi."

Fikira hiyo nimeisikia mara nyingi mno, na kosa lote limo ndani yake. Katika nyuzi zilizounganishwa mkia kwa plagi, uzi wa kwanza haubebi taa zake peke yake. Stima inayokwenda kuwasha balbu za getini lazima ipite kwanza kwenye plagi yake, kwenye waya wake na kwenye soketi ya mkia wake. Uzi wa pili hubeba wake na wa waliobaki nyuma. Uzi wa mwisho ndio pekee unaobeba mzigo wake tu. Kwa hiyo yule anayesimama karibu na ukuta ndiye hamali wa wote, na binamu alikuwa amemchagua mwembamba kuliko wote awe hamali.

Sasa tuhesabu, maana hesabu yenyewe ni ya darasa la sita. Kila uzi una lebo ndogo, karatasi au kibandiko kilichokunjwa kwenye waya karibu na plagi. Lebo ya LED ilisema 240V, 50Hz, 6W. Za balbu ndogo zilisema 240V na 40W kila moja. Ule wa getini lebo yake ilishafutika, lakini kila balbu kichwani imechapwa 15W, na 15 mara 20 ni 300. Jumlisha: 6 na 40 na 40 na 300, unapata wati 386. Ukitaka ampea, gawanya wati kwa volti. Kwetu stima ya nyumbani ni volti 240, kwa hiyo 386 kwa 240 ni ampea 1.6.

Ampea 1.6 si kitu kikubwa. Pasi ya nguo inavuta mara nne au tano ya hiyo. Soketi ya ukutani haikusikia lolote, na ekstensheni vilevile. Ila uzi wa LED peke yake unavuta 6 kwa 240, yaani ampea 0.025. Waya wake na vibati vya mkiani vilitengenezwa kwa mikondo midogo ya namna hiyo, na sasa vilikuwa vinapitisha mara 64 ya ule wa taa zake zenyewe.

Binamu alinionyesha lebo kama mtu anayejitetea kortini. "Lakini hapa wameandika unaweza kuunganisha hadi nyuzi 10. Mimi nimeunganisha nne tu."

Nikachukua tochi ya simu tukaisoma pamoja. Ni kweli, lebo ilisema 10. Lakini mstari wa chini yake, kwa herufi ndogo zaidi, ulisema jumla isizidi 60W. Namba hizo mbili ni kitu kimoja: nyuzi 10 za aina hiyo hiyo, kila mmoja wati 6, ndizo 60. Mtengenezaji alihesabu ndugu zake, hakuhesabu wageni. Balbu za getini peke yake zilikuwa sawa na nyuzi 50 za LED zilizofungwa nyuma ya mmoja. Ndiyo maana namwambia kila anayeniletea taa asahau idadi ya nyuzi kabisa. Idadi inafaa tu pale nyuzi zote zimetoka kwenye katoni moja. Ukishachanganya, kinachohesabika ni wati.

Kwenye lebo, basi, kuna wati za aina mbili, na kuzichanganya ndiko kunakoleta balaa. Moja ni wati ambazo uzi wenyewe unakula. Ya pili ni wati ambazo uzi unaruhusiwa kupitisha, ukijihesabu wenyewe na wote wanaofuata. Ya kwanza kwa kawaida imeandikwa kando ya volti. Ya pili imeandikwa pamoja na onyo la kuunganisha, au imechapwa moja kwa moja kwenye plastiki ya soketi ya mkia. Ikiwa hujaiona ya pili popote, chukulia kwamba uzi huo haukutengenezwa kubeba mwingine, hata kama una mkia.

Sasa, kwa nini mkia uliyeyuka na waya wenyewe haukuyeyuka? Jambo hili nalipenda kulieleza polepole kwa sababu linaonekana kwa macho. Waya wa LED ni mwembamba, ndiyo, lakini ni mrefu, meta 10, na joto linalozaliwa ndani yake linatawanyika katika hizo meta zote. Nilipoupapasa ulikuwa vuguvugu tu. Mkiani hali ni nyingine. Pale stima inaruka kutoka kibati kimoja cha shaba kwenda kingine, na vibati hivyo vinagusana kwa nguvu ya springi yake tu. Vikiwa vipya na safi, hakuna tatizo. Vikishapigwa na vumbi la mwaka mzima na unyevu wa mvua za vuli, vinapata ukinzani. Tuseme ukinzani wa omu 1 tu, ambao hata mita yangu ya bei rahisi inapata shida kuupima.

Joto linalozaliwa hapo ni mkondo mara mkondo mara ukinzani. Nyuma ya mkia ukiunganisha uzi mmoja wa LED wa ampea 0.025, unapata chini ya sehemu moja ya elfu ya wati. Ungeweza kuuacha miaka kumi. Ukijaza mpaka kikomo cha lebo, ile 60W, mkondo ni 0.25 na joto ni kama wati 0.06, bado si kitu. Lakini kwa mzigo wa shangazi, 1.6 mara 1.6 ni takribani wati 2.6. Kila balbu ndogo ya zamani inakula wati 0.4, na unajua inavyochoma ukiishika vidoleni muda kidogo. Basi chukua balbu sita na nusu za namna hiyo, zifungie ndani ya plastiki yenye ukubwa wa ncha ya kidole gumba, isiyo na tundu la kupitisha hewa. Plastiki inaanza kulainika, springi ya kibati inalegea, kugusana kunapungua, ukinzani unapanda, joto linaongezeka tena. Ni duara linalojilisha lenyewe. Ndiyo sababu zilikaa saa mbili nzima zikiwaka vizuri kabla ya harufu.

Na angalia hili: LED zote 100 zilikuwa bado nzima. Nilipokata mkia na kuuwasha ule uzi peke yake, zote ziliwaka. Mtu mwingine angesema, "LED hizi ni feki," akarudi dukani kugombana. Taa hazikuwa na kosa. Kilichoungua ni njia iliyofanywa barabara ya malori.

Lakini kwa nini fyuzi haikukata? Hili ndilo lililonisumbua hasa, kwa sababu kwenye plagi ya LED kulikuwa na kifuniko cha skrubu moja, na ndani yake fyuzi ya kioo. Nikaifungua. Fyuzi ilikuwa nzima, waya wake ndani uking'aa.

"Hii ndiyo iliyokuja na uzi?"

Binamu akasita. Kumbe Jumapili, walipoziwasha mara ya kwanza, zilimulika mara moja, pap, zikazima. Akafungua plagi, akakuta fyuzi imekuwa nyeusi, akaenda nayo mjini kesho yake akanunua nyingine inayolingana. Ile ya zamani alikuwa bado nayo mfukoni mwa koti. Nikaziweka zote mbili kwenye kiganja. Urefu mmoja, milimita 20. Unene mmoja, milimita 5. Vikofia vya chuma vilevile. Nikaleta lenzi ninayotumia kwa bodi za redio. Kwenye kikofia cha ile iliyoungua palichongwa hivi:

```
F0.5AL250V
```

Na kwenye ile mpya:

```
F5AL250V
```

Nukta moja na sifuri moja. Ya kwanza ni nusu ampea, ya pili ni ampea 5, mara kumi yake. Muuzaji alilinganisha urefu, binamu naye akalinganisha urefu, na wote wawili walikuwa waaminifu kabisa.

Maandishi hayo yanasomeka kwa sehemu. Herufi ya kwanza ni kasi: F ni ya haraka, inakatika mara mkondo unapozidi sana, na T ni ya polepole, inavumilia mshtuko mfupi wa kuwasha. Namba na A ni ampea. L inamaanisha ina uwezo mdogo wa kukata mkondo mkubwa wa shoti, jambo la kawaida kwa fyuzi za kioo. 250V ni volti ya juu ambayo inaweza kukata kwa usalama, wala si volti inayohitaji ili ifanye kazi. Mara nyingine badala ya 0.5A utakuta 500mA, ni kitu kilekile. Ukibadilisha, herufi na namba zote zifanane na za ile ya kwanza, au na zile zilizochapwa kwenye kifuniko cha plagi. Ukubwa wa kioo haukuambii lolote.

Ile fyuzi ya kwanza, kwa kweli, ilifanya kazi yake vizuri sana. Waya wa balbu ya zamani ukiwa baridi una ukinzani mdogo mno, takribani sehemu moja ya kumi ya ule wa wakati inawaka. Kwa hiyo sekunde ile ya kubonyeza swichi, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, balbu za shangazi zilivuta mara kumi hivi ya ampea 1.6. Fyuzi ya haraka ya nusu ampea haiwezi kupitisha hiyo. Ilikatika papo hapo. Ukiona fyuzi ya uzi wa LED imekufa sekunde ya kuwasha, na nyuma yake kuna balbu za zamani, usiende kununua nyingine kabla hujahesabu wati. Ingekuwa ni LED tupu nyuma yake, hata zote 10 zilizoruhusiwa, ingekaa bila shida.

Kulikuwa na fyuzi nyingine pia kwenye mnyororo huo, ile ya plagi ya pini tatu ya ekstensheni. Hizi ndizo wengi tunazozijua: za kauri nyeupe, urefu wa inchi moja, zimeandikwa BS 1362, na unazipata kwa kufungua plagi. Rangi zina maana. Nyekundu ni 3A. Kahawia ni 13A. Za ampea nyingine, kama 5A, huwa nyeusi. Kwa volti 240, fyuzi nyekundu inatosha mzigo wa wati 720, na ya kahawia inatosha wati 3,120. Ya ekstensheni ya shangazi ilikuwa ya kahawia, kama karibu kila plagi Nairobi, hata ya redio ndogo, kwa sababu ndiyo inayouzwa kila kibanda.

Na fyuzi haikatiki pale namba yake inapofikiwa. Kwa kipimo hicho cha BS 1362, lazima ivumilie mara 1.6 ya namba yake kwa nusu saa bila kukatika. Yaani ile ya 13A inaweza kupitisha karibu ampea 21 kwa dakika 30 ikiwa imetulia. Fikiria waya wa taa, mwembamba kama uzi wa kushonea viatu, unalindwa na kitu kama hicho. Waya mwororo wa milimita mraba 0.5, unaoonekana kwenye taa za mezani, unastahili ampea 3 tu, na nyuzi nyingi za LED zina shaba nyembamba kuliko huo. Fyuzi ya kahawia italinda waya wa birika. Kwa uzi wa taa itakuwa shahidi tu.

Ndiyo maana zile plagi za pini mbili zinanitia wasiwasi. Zimetengenezwa kwa nchi zenye soketi za namna nyingine, hazina mahali pa fyuzi kubwa, na nyingi hata kile kijifyuzi cha kioo hazina. Mtu anafungua tundu la juu la soketi kwa kalamu, anazisukuma ndani, na kuanzia hapo uzi hauna mlinzi mwingine isipokuwa swichi ya mita. Tafuta adapta yenye fyuzi yake, uitoe ile ya 13A, utie nyekundu ya 3A. Haiwezi kuokoa mkia kama wa shangazi, kwa sababu ampea 1.6 iko chini ya 3, lakini waya ukikatwa na panya zikagusana itakata mapema zaidi kuliko ya kahawia.

Kuna mchanganyiko mwingine, mbaya kwa namna yake, ambao nao niliukuta pale pale kwa shangazi niliporudi kesho yake. Mmoja wa zile nyuzi za zamani ulikuwa na balbu chache zilizokufa, na mtoto wa jirani alikuwa ameng'oa kijitaa cha LED kutoka uzi mbovu akakisukuma kwenye tundu la balbu. Kiliingia vizuri. Uzi wote ukawa giza.

Kwenye uzi wa zamani wa balbu 100, zote zimefungwa kwa mfuatano, moja baada ya nyingine kama shanga, na zinagawana volti 240. Kila moja inapata 2.4V, na mkondo uleule unapita zote: 40 kwa 240, kama ampea 0.17. Kijitaa cha LED kimezoea kama ampea 0.02. Ukikipitishia mara nane ya hiyo kinakufa hata kabla hujainua kichwa, na tena stima yetu inageuka mwelekeo mara 100 kila sekunde ilhali LED inapitisha upande mmoja tu. Upande wa kinyume, sehemu kubwa ya zile volti inarundikana juu ya hicho kijitaa kimoja. Kikishakatika, mnyororo umekatika.

Lakini balbu ya zamani nayo ikikatika si uzi wote huzima? Si lazima. Ukiiweka kwenye mwanga utaona chini ya waya unaowaka, miguuni pale, kuna kijiwaya kingine kimezungushwa mara chache. Kimepakwa ngozi nyembamba isiyopitisha stima. Waya wa juu ukikatika, volti zote 240 zinakuja kusukuma hapo, ngozi inapasuka, na kijiwaya kinakuwa daraja. Balbu imekufa lakini wenzake wanaendelea. Kijitaa cha LED kilichopachikwa hakina daraja hilo.

Daraja hilo lina gharama yake. Balbu 10 zikifa, zile 90 zinagawana volti 240 zilezile, kila moja inapata karibu 2.67V badala ya 2.4. Zinang'aa zaidi, zinapendeza zaidi kwa siku chache, na zinakufa upesi mno, kwa sababu volti ikizidi kwa asilimia 5 tu maisha ya balbu ya aina hii hupungua kama nusu, na hapa imezidi asilimia 11. Uzi wa zamani uliong'aa kupita mwaka jana ni uzi unaoaga. Na wati zake sasa zimepita kidogo zile 40 za lebo. Lebo ilihesabu balbu zote zikiwa hai. Kwa hiyo badilisha balbu iliyokufa mara unapoiona, kwa balbu ya volti ileile, na usingoje zifike tano.

Nyuzi zenye kisanduku cha kumeta-meta zina hatari yao. Mara nyingi ndani ya kisanduku kuna diodi zinazougeuza mkondo uwe wa upande mmoja, na vipande vidogo vinavyofungua na kufunga kila mstari wa taa. Vinavumilia chini ya ampea moja. Mkia ukiwa unatoka baada ya kisanduku, usiunganishe balbu za zamani nyuma yake kamwe. Utajua kwa kuangalia: taa za nyuma zinameta pamoja na za mbele, au kisanduku kinakuwa moto mkononi baada ya dakika kumi. Na nyuzi za LED zenye transfoma kwenye plagi zimeandikwa volti mbili, ya kuingia 240V na ya kutoka, kwa mfano 24V au 31V. Hizo ni ukoo mwingine kabisa, zisiguse uzi wa volti 240 mbele wala nyuma.

Kwa wale wanaoletewa taa na ndugu kutoka Amerika, soma volti kabla ya wati. Zimeandikwa 120V. Hapa kwetu zitapata mara mbili, na zitakufa usiku huohuo.

Turudi barazani. Usiku ule sikuacha chochote kikiwaka. Jumatano nikarudi na plagi tatu za pini tatu, fyuzi nyekundu tatu na kipimo changu. Uzi wa balbu kubwa za getini niliufungia plagi yake mwenyewe, ukaenda moja kwa moja kwenye ekstensheni: wati 300, ampea 1.25, fyuzi ya 3A, na waya wake wa asili ni mnene wa kutosha. Nyuzi mbili za balbu ndogo nikaziacha pamoja, kwa sababu lebo yao inaruhusu kuunganisha tatu za aina hiyo, ila mmoja nikaukagua balbu kwa balbu nikatoa kile kijitaa. LED nikaikata mkia wake ulioharibika, nikaziba ncha kila waya mbali na mwenzake, nikairudishia fyuzi ya nusu ampea ambayo nilikuwa nayo kwenye mkebe. Ikasimama peke yake. Jumla ya wati ni ileile 386, stima inayolipiwa ni ileile, lakini hakuna tena soketi ndogo inayobeba zaidi ya ilichoumbiwa.

Jambo moja nililolibadilisha zaidi ni mahali. Nyuzi za balbu ndogo lebo yake ilikuwa IP20, maana yake za ndani tu, hazina kinga ya maji. Nikazihamishia dirishani kwa ndani. LED ilikuwa IP44, inayovumilia matone ya mvua, ikabaki nguzoni, na plagi yake nikaivuta ndani ya dirisha.

Tulipoziwasha nilikaa nao nusu saa, kisha nikashika kila kiungo kwa vidole. Hivyo ndivyo ninavyopima kila mara: taa ziwake dakika 30, uzime swichi ya ukutani, halafu papasa plagi na mikia moja moja. Kitu kinachopaswa kuwa na joto ni balbu. Plagi au mkia ukiwa moto kuliko kiganja chako, mzigo umezidi au vibati vimelegea, na uzi huo usiwashwe tena mpaka ujue ni kipi kati ya hivyo viwili.

Shangazi aliniletea chai, akaenda akarudi na utepe wa karatasi anaotumia kuandikia mitungi ya viungo jikoni, na kalamu ya wino mzito. Akaniomba nimtajie namba. Kwenye plagi ya getini akaandika 300W, 3A. Kwenye ile ya dirishani 80W, 3A. Kwenye ya LED akaandika 6W, kisha akainama karibu na lenzi yangu, akaisoma fyuzi mwenyewe, na akaandika 0.5A. Ile nukta akaikoleza mara mbili.